Mashine ya milioni 20: murabaha ya milioni 24 au mkopo wa riba 18%? Mfukoni naona ni kitu kimoja

KinuChaMoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina kinu cha kukoboa na kusaga hapa Morogoro, mwaka wa sita sasa. Mashine ya kukoboa imechoka, kila wiki niko na fundi. Nimeona nyingine Dar, pamoja na mota yake, milioni 20. Sina hela yote, nikazunguka sehemu mbili.

Benki ya kwanza ni ya kawaida. Wananipa milioni 20 kwenye akaunti, riba 18% kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 24. Rejesho linakuja kama 998,500 kila mwezi.

Ya pili ina dirisha la Kiislamu. Hawa hawanipi hela. Wanasema watainunua mashine wao, halafu wataniuzia mimi kwa milioni 24, nilipe milioni moja kila mwezi kwa miezi 24. Wanaita murabaha.

Mimi ni Muislamu na riba naikimbia, sitaki kubishana hapo. Lakini nimekaa na kalamu, tofauti ni shilingi 1,500 kwa mwezi, tena wenye riba ndio rahisi! Jirani yangu kinuni ananicheka, anasema mtu ni yule yule, kavalishwa kanzu. Nimekosa la kumjibu. Mwenye kuyajua haya anisaidie, tofauti iko wapi kwa mteja? Siulizi aya, aya naijua.

---

JembeButu

Kumbe kuna benki zinakopesha bila riba na sisi tumekaa tunaumia na mikopo ya kwenye simu? Mkuu naomba jina la hilo tawi. Nina ada ya watoto, milioni 2 tu, nitarudisha baada ya mavuno. Kama hawachukui kitu juu mimi kesho asubuhi niko mlangoni.

---

MkaaDirishani

JembeButu, umesoma nusu ya uzi. Hawachukui riba, ila faida wanachukua, na aliyeanzisha uzi amekutajia kiasi chake: milioni 4. Kukopeshwa na kurudisha kile kile kupo katika dini, ni kardhi hasana, lakini hiyo kaombe kwa shemeji yako. Benki ina wenye amana wanaosubiri faida na wafanyakazi wanaosubiri mshahara.

KinuChaMoro, nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye dirisha la aina hiyo. Nitarudi jioni niandike vizuri, sasa hivi niko barabarani.

---

MzeeWaHesabu

Wakati tunamsubiri Mkaa, mimi niseme la namba maana ndilo ninaloliweza.

Watu wengi wakiona milioni 4 juu ya milioni 20 kwa miaka miwili wanasema "ni 10% kwa mwaka, nafuu kuliko 18%". Ofisa wa benki naye akiona umefurahi, hakusahihishi. Ni makosa. Hiyo 10% imepigwa kwenye milioni 20 nzima miaka yote miwili, wakati wewe kila mwezi unarudisha sehemu. Mwezi wa 20 unabaki na deni dogo, lakini faida ilikwishapigwa kana kwamba bado unashikilia milioni 20. Ukitaka kuzilinganisha sawasawa, fungua jedwali la kompyuta au la simu, andika hivi:

```
=RATE(24,-1000000,20000000)*12
```

Itakujibu 18.16%. Kwa hiyo milioni 24 yako ya murabaha na mkopo wa 18% kwenye salio linalopungua ni mapacha. Bei imepangwa kwa kuchungulia riba ya sokoni. Ndiyo maana mimi nasema jirani yako yuko sahihi: ni kitu kile kile, jina limebadilishwa. Samahani kwa watakaokasirika.

---

MkaaDirishani

Nimerudi. Mzee wa Hesabu, namba zako sina ugomvi nazo, na ni vizuri umezianika, kwa sababu mteja anayeingia murabaha akidhani ni bei rahisi atajuta. Benki ya Kiislamu inashindana soko moja na wenzake, inapanga bei kwa kuwaangalia. Muuza nyama halali naye anaangalia bei ya bucha la jirani.

Ulipokosea ni kudhani kwamba bei ikilingana basi na mkataba ni mmoja. Tofauti haiko kwenye rejesho la mwezi. Iko kwenye swali moja: kabla mashine haijawa yako, ilikuwa ya nani?

Kwenye mkopo, benki haijawahi kuijua mashine. Imekupa hela, hela zinazaa. Ukanunue mashine, ukanunue ng'ombe, ukaibiwe Msamvu stendi, deni ni lile lile tangu siku ile.

Kwenye murabaha ya kweli mambo yanakwenda kwa zamu, na zamu ndiyo murabaha yenyewe. Kwanza unapeleka maombi na profoma ya muuzaji, na profoma iandikwe jina la benki, si lako. Unatia sahihi ahadi kwamba benki ikinunua, utainunua kwao. Hiyo ni ahadi, bado si mauziano. Kisha benki inamlipa muuzaji moja kwa moja na mashine inakuwa yao. Wanaipokea, wenyewe au kwa wakala wao. Hapo ndipo mnakaa mezani: "Tumenunua milioni 20, tunakuuzia milioni 24." Wanalazimika kukutajia walichonunulia, bila hivyo si murabaha. Unasaini, unakabidhiwa.

Sasa kati ya benki kulipa na wewe kusaini mauziano kuna siku mbili, tatu, pengine wiki. Siku hizo mashine ikiungua ghalani au ikidondoka kwenye lori, hasara ni ya benki. Watu huona ni nadharia. Sisi ilitukuta. Mteja wa Iringa alitaka majokofu ya bucha, yakatoka Dar, lori likalala ubavu kwenye mlima Kitonga. Majokofu mawili yakawa chuma chakavu. Mteja hakulipa hata senti, kwa sababu hakuwa amenunua kitu bado. Benki ikahangaika na bima ya mzigo. Angekuwa amekopa, angekuwa analipia majokofu yaliyolala bondeni.

Hatari hiyo, hata kama ni ya siku tatu, ndiyo inayoifanya ile milioni 4 iwe faida ya muuzaji badala ya kodi ya pesa. Ukiiondoa, jirani yako yuko sahihi.

---

DadaWaSahare

Mkaa umeniumiza roho. Mimi nilichukua "murabaha" ya vifaa vya saluni, sehemu sitaitaja. Mambo ya zamu sikuyaona. Nilipeleka profoma niliyoandikiwa na binamu yangu mwenye duka, nikasaini karatasi nyingi siku moja, kesho yake hela imeingia kwenye akaunti YANGU. Ofisa akaniambia "kanunue mwenyewe, sisi tumekufanya wakala wetu". Madrayer nilinunua kweli, lakini nusu ya hela nilimalizia nyumba. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Miezi yote hiyo najua nimekwepa riba. Kumbe nilikuwa kwenye nini?

---

MkaaDirishani

Dada yangu, pole. Kumfanya mteja kuwa wakala wa kununua kwa niaba ya benki kuna wanaoruhusu, kukiwa na dharura na masharti. Masharti yenyewe ni kwamba hela iende kwa muuzaji, ununue kwa jina la benki, uwaarifu kwamba mali ipo, halafu ndipo mfanye mauziano ya pili, kwa tarehe yake. Wewe ulisaini mauziano kabla kitu hakijanunuliwa na hela ikaingia kwako. Hicho ni mkopo uliovaa kanzu, bila kumung'unya maneno.

Na hapa ndipo mteja wa kawaida anaweza kupima bila kuwa sheikh. Chukua makaratasi yako, tazama tarehe na majina. Risiti ya muuzaji ina jina la nani? Tarehe ya mkataba wa kuuziwa ni ya baada ya benki kununua, au vyote ni siku moja saa moja? Hela iliingia akaunti ya nani? Majibu hayo matatu yatakuambia ulichokuwa nacho kuliko bango lililoko ukutani.

Kama ulichotaka ni hela taslimu tangu mwanzo, baadhi ya mabenki hutumia njia ya tawaruki: wanakuuzia bidhaa kwa mkopo, hapo hapo wanaiuza kwa niaba yako kwa taslimu, unaondoka na hela. Hiyo ikipangwa na benki yenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Sharja mwaka 2009 likaikataa. Mabenki mengi ulimwenguni bado wanaifanya, na wana wanazuoni wao wanaoitetea. Sitaamua mimi.

---

KinuChaMoro

Nimeelewa ya mwanzo. Sasa niulize ya katikati. Mwaka juzi transfoma ya mtaani kwetu iliungua, kinu kikalala wiki nyingi. Nikiwa nadaiwa na jambo kama hilo likanikuta, huku na huku inakuwaje? Nataka namba, maana ndilo litakalotokea.

---

MzeeWaHesabu

Nimekaa na hili swali na nakiri nilikuwa na haraka pale juu.

Tuseme umelipa mwaka mzima vizuri, miezi 12. Kisha kinu kinalala miezi minne, hulipi kitu, halafu unaomba deni lililobaki ligawanywe upya kwa miezi 12.

Upande wa riba: mwisho wa mwezi wa 12 salio lako ni kama milioni 10.89. Miezi minne ya kimya riba inaendelea kutembea, 1.5% kila mwezi, salio linafika kama milioni 11.56. Ukiligawa upya kwa miezi 12 kwa riba ile ile utalipa karibu milioni 12.7 mpaka umalize. Hapo sijaweka adhabu ya kuchelewa, ambayo kila benki ina yake.

Upande wa murabaha: umelipa 12, umebakiza 12. Miezi minne baadaye ni milioni 12. Miezi arobaini baadaye ni milioni 12. Bei ya mashine iliuzwa, haina mdomo wa kula usiku.

Kwa hiyo ajali ile ile, tofauti ni kama laki saba, bila adhabu. Sikuwa nimeiona kwa sababu nilitazama safari ya mtu asiyejikwaa.

Lakini nigeuze shilingi upande wa pili. Ukipata hela mwezi wa 12 ukataka kumaliza deni mara moja, mwenye riba anakuambia leta 10.89. Mwenye murabaha anaweza kukuambia leta 12, ndiyo bei tuliyouziana. Hapo murabaha ni ghali kwa milioni 1.1. Mkaa atuambie kama nakosea.

---

MwanaKibokoni

Hapo kwa kulipa mapema nina kisa, kwa ruhusa yenu. Mimi niko Mombasa. Huku benki za Kiislamu kamili tumekuwa nazo tangu 2008, kwa hiyo watu wameshaonja matamu na machungu.

Nilichukua tuktuk tatu kwa murabaha, miezi 30. Mwezi wa 18 nikauza kiwanja cha marehemu baba, nikaenda benki kifua mbele nimalize. Nikaambiwa deni ni bei yote iliyobaki. Nikahamaki! Nikasema hata wala riba wangenipunguzia. Meneja, mtu mpole, akaniambia, "Kudai punguzo si haki yako, lakini kuomba unaruhusiwa. Andika barua." Nikaandika. Baada ya wiki mbili wakanipunguzia kama nusu ya faida ya ile miezi iliyobaki. Hawakunieleza wamefikaje hapo na mimi sikuuliza sana.

Kwa kuchelewa pia nilionja. Mwezi mmoja nilichelewa, nikatozwa. Nikauliza, si mlisema hakuna riba? Wakanionyesha kwenye mkataba: tozo ya kuchelewa inaingia kwenye mfuko wa sadaka, benki haiihesabu kwenye mapato yake. Deni lenyewe halikupanda. Lakini mfukoni mwangu ilitoka, ndugu zangu, tusidanganyane. Aliyefaidika ni yatima badala ya benki, mimi nililipa vile vile.

---

MkaaDirishani

Mwana Kibokoni amesema kweli tupu na Mzee hajakosea.

Sababu ya punguzo la mapema kuwa hisani ni kwamba likiandikwa mkatabani kama haki, unakuwa na bei mbili: ukilipa haraka ni hii, ukichelewa ni ile. Bei inayotembea na muda ndiyo riba tunayoikimbia. Baraza lile lile la Fiqhi lilisema punguzo la kulipa mapema linafaa iwapo hamkulipanga tangu mwanzo. Malesia wao walienda njia nyingine, benki kuu iliwalazimisha mabenki kuliandika ili mteja asiwe mateka wa huruma ya meneja. Kwetu, nenda uulize kabla ya kusaini: "Waliomaliza mapema mwaka jana mliwapunguzia vipi?" Ofisa hawezi kukuahidi, ila anaweza kukuambia mazoea yao. Akianza kukwepa macho umeshajibiwa.

Kuna jambo moja la hatari kwenye kuchelewa. Deni la murabaha haliruhusiwi kupanda, basi baadhi ya maofisa wakibanwa na hesabu za mikopo chechefu hukuita usaini "murabaha mpya" ili ulipe ya zamani. Mashine ile ile, bei mpya kubwa zaidi. Usisaini. Ni ile ile "nizidishie muda nikuzidishie deni", imepitia mlango wa uani. Ukiwa umekwama, unachostahili ni kuongezewa muda kwa deni lile lile, na dhamana yako ibaki pale pale. Tusisahau pia kwamba benki ya Kiislamu inakamata na kuuza dhamana kama nyingine yoyote, kwa mwenye uwezo asiyetaka kulipa.

---

ChogoLaMpunga

Ninyi mnazungumza kuuziana tu. Kwa nini hakuna anayetaja ushirika wa faida na hasara, ambao ndio wenyewe? Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na nimeufanya.

Ilikuwa musharaka ya msimu mmoja. Benki iliweka milioni 20, mimi 10. Tukakubaliana faida nusu kwa nusu, kwa sababu kazi yote ya kuzunguka Mbarali, kukoboa na kuuza ni yangu. Hasara ikitokea, kila mtu kwa alichoweka, hilo halina mjadala, wanasema faida ni kwa makubaliano na hasara ni kwa mtaji.

Msimu wa kwanza bei ilipanda. Ndani ya miezi minne tulipata faida milioni 6 baada ya gharama. Tatu zangu, tatu za benki. Nikashangilia, mke wangu ndiye aliyenituliza. Akasema, "Baba Asha, milioni 3 kwa milioni 20 ya miezi minne? Ungekopa kwa 18% ungelipa milioni 1 na laki mbili." Sikulala vizuri.

Msimu uliofuata tuliweka mtaji ule ule. Mchele ukashuka, tukauza kwa hasara ya milioni 3. Benki ikabeba mbili, mimi moja. Ningekuwa nimekopa ningebeba hasara yote tatu NA riba juu yake. Usiku huo nililala.

Tatizo ni vitabu. Kila gunia, kila lori, kila kibarua, wanataka risiti. Nani anampa kibarua wa kupakia risiti? Ofisa alikuwa anakuja ghalani kuhesabu viroba kama mkwe anayekagua mahari. Msimu wa tatu walikataa wenyewe, wakaniambia nichukue murabaha ya mpunga.

---

MkaaDirishani

Na walikataa kwa sababu unayoijua. Wafanyabiashara wengi wana vitabu viwili, kimoja cha kodi na kimoja cha kichwani. Benki ikishirikiana na mtu wa namna hiyo, faida inakuwa ndogo kila msimu na hasara inakuwa ya kweli kila msimu. Ndiyo maana ukienda benki yoyote ya Kiislamu utakuta sehemu kubwa ya biashara yao ni kuuziana, na ushirika ni mchache. Nilipokuwa kazini kwa mwaka tulikuwa tunapitisha musharaka za kuhesabu kwa vidole.

Kwa atakayeingia ushirika akiwa na msimu anaoutegemea kuwa mnono: jadili uwiano, na omba kifungu kwamba faida ikipita kiwango fulani, ziada iwe yako kama motisha ya msimamizi. Kinaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni benki kujiwekea kiasi maalumu, kwamba "sisi tupe milioni 2 hata ikiwaje". Ukiona hivyo, huo ni mkopo.

---

JembeButu

Sasa mimi mwenye akiba yangu ya laki nane kwenye akaunti ya hawa hawa, kila mwezi naona wananiwekea kitu wanaita faida. Nayo ni ushirika? Mbona haijawahi kuwa hasara?

---

MzeeWaHesabu

Safari hii JembeButu ameuliza swali kuliko sisi wote.

---

MkaaDirishani

Ni kweli. Ile ni mudaraba: wewe mwenye mtaji, benki mwendeshaji, mnagawana faida kwa uwiano ulioandikwa kwenye fomu uliyoisaini bila kuisoma. Hasara ikitokea bila uzembe wa benki, kwa mujibu wa mkataba inakula mtaji wako. Haijatokea kwa sababu hela yako imechanganywa na za maelfu ya wengine na imewekwa kwenye murabaha mamia, mmoja akikwama wengine wanafunika. Pia mabenki hutenga akiba miezi mizuri ili miezi mibaya usikimbie. Wapo wanaosema ulaini huo umefanya mudaraba ifanane na riba ya akiba. Mimi nipo katikati. Ila tazama: walikuahidi uwiano, kiasi hawakukuahidi. Mwezi wa mavuno mabaya, angalia kama kinashuka. Kama hakishuki wala hakipandi miaka yote, kaulize.

---

KinuChaMoro

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Nilikuwa nimeshaamua murabaha, kwa ajili ya ile hesabu ya miezi minne. Kuna jambo sikulisema, na sasa naona ni kubwa. Mashine ile nilishamlipa muuzaji milioni 3 ya kuishikilia, mwezi uliopita, kwa jina langu. Risiti ninayo, imeandikwa "malipo ya awali, mashine imeuzwa, salio 17". Ofisa wa dirisha nilimwambia, akasema haina shida, wao watamalizia hiyo 17.

---

MkaaDirishani

Ina shida, na ofisa wako alitakiwa kushtuka. Risiti inasema mashine imeuzwa, na imeuzwa kwako. Benki ikilipa 17 inakuwa inakulipia deni lako, haijanunua kitu. Haiwezi kukuuzia mali yako mwenyewe. Kanuni namba 8 ya AAOIFI, wale wa Bahrein wanaoandika viwango vya mabenki haya, inataka mauziano ya awali kati ya mteja na muuzaji yavunjwe kwanza, yavunjwe kweli. Kubadilisha jina kwenye karatasi hakutoshi.

Rudi kwa muuzaji. Vunjeni kwa maandishi, akurudishie milioni 3, atoe profoma mpya ya milioni 20 kwa jina la benki. Ile 3 ukitaka unaweza kuiweka benki kama amana ya kuonyesha nia. Ukigeuka usinunue, wanakata hasara yao halisi tu, iliyobaki wanakurudishia. Ukinunua inaingia kwenye bei.

---

DadaWaSahare

Na muuzaji akikataa kurudisha? Wa Kariakoo nawajua mimi, hela ikiingia droo haina nauli ya kurudia.

---

KinuChaMoro

Dada kama ulikuwepo. Nimetoka kuzungumza naye kwa simu. Kuvunja amekubali, profoma mpya kwa jina la benki amekubali, na bei ni ile ile. Milioni 3 anasema atanirudishia "benki ikishalipa". Kwa maana yake, benki imlipe 20 kwanza, ndipo yeye anipe 3 yangu.

Mkaa, hiyo imevunjika au haijavunjika? Ofisa nimempigia, kasema tuendelee tu, Jumatatu nisaini. Nimemwambia Jumatatu sitakuja mpaka nione risiti ya mashine ina jina lao. Amenyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza mkubwa wake.

---

MkaaDirishani

Akivunja kwa maandishi na kukiri milioni 3 ni deni analodaiwa na wewe, wapo watakaosema inatosha, mashine imekuwa huru na ninyi wawili mmebaki na deni lenu pembeni. Mimi ningependa hela irudi kwanza. Mpeleke ofisa hilo swali kwa kamati yao ya sharia kwa maandishi, kila dirisha linapaswa kuwa nayo, na umwombe jibu kwa maandishi vile vile. Usikubali la mdomo.

---

MwanaKibokoni

Na ukijibiwa utuwekee hapa, mimi pia nina gari nimeishikia kwa arubuni na sijalala tangu nisome huu uzi.

---

KinuChaMoro

Nitaweka. Kinu leo kimezima tena, saa hizi niko na fundi.